Chembe Sahani Zinatosha, Mbona Damu Haikomi?

Tuseme ni binti wa miaka 22, msusi wa nywele, mkazi wa Kayole. Jumatano saa nne asubuhi aling'olewa gego la chini lililokuwa limemtesa wiki nzima. Sasa ni Alhamisi saa kumi jioni na bado anatema damu. Si damu ya kuruka. Ni ile inayochuruzika polepole, inajaza mdomo, anatema, inajaza tena, na usiku foronya yake ililowa. Amerudi kliniki akatolewa damu, na majibu yametoka. Chembe sahani zake ni 246,000 katika kila mikrolita ya damu, na kiwango cha kawaida ni kati ya 150,000 na 450,000. Vipimo viwili vya kuganda kwa damu, PT na APTT, viko sawa. Kinachoonekana upesi kuwa chini ni hemoglobini, 10.4, na mtu aliyetema damu usiku kucha hashangazi akiwa nayo hivyo.

Mgonjwa huyu nimemtunga ili tumfuate hatua kwa hatua. Majibu yake, hata hivyo, hayana kitu cha ajabu. Ndivyo karatasi ya maabara inavyoonekana mara nyingi pale tatizo linapokuwa kwenye hatua ya kwanza kabisa ya kuzuia damu, ile ambayo chembe sahani hunata kwenye ukuta wa mshipa uliochanika, zikaamka, kisha zikashikana zenyewe kwa zenyewe na kuziba tundu. Mtu anaweza kuwa na chembe sahani tele na hatua hiyo ikawa haifanyi kazi. Vipimo vyake vyote vitatu havikuigusa hata kidogo, na ili kuona kwa nini, inabidi tuingie ndani ya mshipa.

Kabla ya jeraha

Chembe sahani si seli kamili. Ni vipande vinavyomeguka kutoka kwa seli kubwa sana zilizo kwenye uboho wa mifupa, na seli moja hutoa vipande maelfu. Kila kipande kina upana wa mikromita 2 hadi 3, chini ya nusu ya upana wa chembe nyekundu ya damu. Hakina kiini, kwa hiyo hakina maagizo ya kutengeneza protini mpya kikiharibika. Jambo hilo tuliweke akilini, kwa sababu baadaye litatueleza kilichompata binti wetu. Chembe sahani huishi siku 7 hadi 10 kisha huondolewa, na wakati wowote ule karibu theluthi moja ya zote huwa zimehifadhiwa kwenye wengu.

Ndani ya mshipa, chembe nyekundu hupenda kupita katikati ya mkondo. Zinapopita huzisukuma zile ndogo pembeni, kwa hiyo chembe sahani husafiri zikiwa karibu kabisa na ukuta, pale hasa zitakapohitajika. Swali linalofuata ni kwa nini hazinati hapo wakati wote. Jibu liko kwenye seli zinazoupaka ukuta kwa ndani. Seli hizo hazikai bure. Hutoa gesi ya nitriki oksidi na kemikali iitwayo prostasaikilini, ambazo huziweka chembe sahani katika hali ya utulivu kwa kuzuia kalsiamu isipande ndani yake. Pia zina kimeng'enya juu ya ngozi yao kinachovunjavunja ADP, ishara ambayo chembe sahani hutumia kuitana. Ukuta mzima, kwa hiyo, ni ukuta unaokataza kunata kila dakika. Damu haibaki nyororo kwa bahati.

Kushika katika mkondo unaokwenda kasi

Daktari anapong'oa gego, mishipa midogo iliyolilisha jino hukatika. Mshipa ukikatika hujikaza wenyewe kwa muda, na hilo hupunguza damu inayotoka. Katika shimo la jino msaada huo ni mdogo, maana mishipa mingi imebanwa ndani ya mfupa na haiwezi kujikunyata ipasavyo. Kazi inaangukia chembe sahani mapema kuliko kawaida.

Seli za ndani zikishachanika, kilichokuwa nyuma yake hujitokeza, hasa kolajeni, nyuzi ngumu zinazoupa ukuta wa mshipa nguvu. Chembe sahani ina vishikio vya kolajeni juu ya ngozi yake. Mtu angedhani basi inakutana na kolajeni na kunata, mambo yakaisha. Katika mshipa mdogo wa ateri haiwezekani. Damu inayopita karibu na ukuta wa mshipa huo inasuguana nao kwa kasi kubwa mno, na chembe sahani inapita mbele ya kolajeni kwa muda mfupi kiasi kwamba vishikio hivyo, vilivyo imara lakini vya polepole, havipati nafasi ya kufunga.

Hapo ndipo inapoingia protini ambayo ningependa kila mhudumu wa meno aikumbuke: faktari ya von Willebrand. Ni molekuli ndefu ajabu, mnyororo wa vipande vinavyofanana vilivyounganishwa, miongoni mwa protini kubwa kuliko zote zilizo kwenye damu. Hutengenezwa na seli za ndani ya mishipa na zile seli kubwa za uboho. Ikiwa inaelea kwenye damu huwa imejikunja, na sehemu inayoweza kushika chembe sahani imefichwa, ndiyo maana haizigandishi zikiwa safarini. Mshipa ukichanika, protini hii hunasa kwenye kolajeni iliyo wazi. Upande mmoja umeshikwa, mkondo wa damu unaivuta, nayo inanyooka, na zile sehemu zilizokuwa zimefichwa zinatokeza moja baada ya nyingine. Kwa maneno mengine, nguvu ileile ya mkondo inayotaka kuzifagia chembe sahani ndiyo inayoandaa kitu cha kuzikamata. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika habari nzima.

Kinachoshika kwa upande wa chembe sahani ni kipokezi kiitwacho GPIb. Mshiko wake ni wa haraka sana lakini si wa kudumu. Hushika, huachia, hushika tena mbele kidogo. Mtu aliyewahi kudandia matatu iliyokwisha kuondoka anaijua hali hii: mkono hukamata chuma cha mlangoni kwanza, mwili unayumba, na mguu hupata pa kukanyaga baadaye. Chembe sahani nayo hupunguza mwendo, ikabingirika juu ya ukuta, na sasa vile vishikio vya kolajeni vya polepole vinapata muda wa kufunga. Bila mshiko wa kwanza wa GPIb na faktari ya von Willebrand, mshiko wa pili haupatikani, hata chembe sahani ziwe 246,000 au 400,000.

Kuamka, na kuita wengine

Chembe sahani iliyokwisha kushika kolajeni inapata ishara ndani yake, na kalsiamu inapanda. Umbo lake la sahani linapotea. Inavimba kuwa duara na kutoa mikono myembamba pande zote, hivyo eneo lake la kugusana na wenzake linaongezeka sana. Wakati huohuo inamwaga mizigo iliyokuwa imeibeba kwenye vijifuko vyake. Kuna vijifuko vyenye ADP, kalsiamu na serotonini, na kuna vingine vyenye protini, zikiwemo fibrinojeni na faktari zaidi ya von Willebrand.

ADP ndiyo inayoita. Chembe sahani inayopita jirani ikiipokea, hasa kupitia kipokezi kiitwacho P2Y12, nayo inaamka hata kama haijagusa kolajeni. Klopidogreli, dawa wanayopewa wengi baada ya kuwekewa kizibuo kwenye mshipa wa moyo, hufunga kipokezi hicho.

Wito wa pili ni thromboksani. Chembe sahani huitengeneza papo hapo kutokana na mafuta ya utando wake yenyewe, kwa kutumia kimeng'enya kiitwacho COX-1. Thromboksani haidumu, baada ya nusu dakika hivi, nusu yake imekwisha kuharibika. Udhaifu huo una faida kubwa, kwa kuwa wito unasikika karibu na jeraha tu na haufiki mbali kwenye mishipa mizima. ADP ikienda mbali nayo inakutana na seli nzima zinazoivunja. Ndiyo sababu kizibo kinakua juu ya tundu na kusimama hapo, badala ya kuendelea hadi kuuziba mshipa wote.

Hatua ya mwisho ni kushikana zenyewe kwa zenyewe. Kila chembe sahani ina vipokezi takriban 80,000 vya aina iitwayo GPIIb/IIIa. Zikiwa zimetulia, vipokezi hivyo vimefumba. Zikiamka, vinabadili umbo na kufumbuka, na vinaweza kushika fibrinojeni, protini iliyo tele kwenye damu. Molekuli moja ya fibrinojeni ina ncha mbili, kila ncha ikashika chembe sahani yake, na kwa madaraja ya namna hiyo rundo zima linafungamana. Pale mkondo ulipo mkali, faktari ya von Willebrand inafanya kazi ya daraja pia.

Hiki sasa ndicho kizibo cha kwanza. Katika mkato mdogo wa ngozi hukamilika ndani ya dakika chache. Bado ni laini, na kazi ya kukikaza kwa nyuzi za fibrini ni ya hatua ya pili, ile ya kuganda kwenyewe, ambayo kwa sehemu kubwa hufanyika juu ya ngozi ya chembe sahani hizohizo zilizoamka.

Kwa nini maabara haikuona kitu

Turudi kwenye karatasi za binti wetu. Mashine ya hemogramu huhesabu chembe zinazopita mbele ya kitambuzi chake. Haiulizi kama zinaweza kunata. Chembe sahani isiyoweza kushika chochote inahesabiwa sawa na iliyo nzima.

PT na APTT nazo zina kasoro ya kimsingi kwa swali hili. Fundi wa maabara huanza kwa kuizungusha damu kwa kasi ili chembe zote zishuke chini, kisha huchukua majimaji ya juu, na ni hayo majimaji yanayopimwa. Chembe sahani karibu zote zimeachwa chini ya chupa. Juu ya hayo, ndani ya chupa hakuna ukuta uliochanika wala mkondo unaokwenda kasi. Vipimo hivi vinapima ile hatua ya pili, yaani vinatuambia kwamba fibrini ingeweza kutengenezwa. Kuvitumia kumwambia mtu kwamba damu yake "inaganda vizuri, hakuna shida" ni kumjibu swali jingine.

Karatasi ile ilikuwa na jambo moja la maana, nalo lilipitwa. Pamoja na hemoglobini ya 10.4, ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu uliandikwa 71, na kawaida ni 80 hadi 100. Damu iliyopotea jana haipunguzi ukubwa wa chembe. Chembe ndogo namna hiyo kwa msichana wa Nairobi mara nyingi maana yake ni upungufu wa madini ya chuma, na upungufu huo huchukua miezi kujengeka. Kuna mahali damu imekuwa ikipotea kabla gego halijauma.

Kipimo kinachozidi vyote hapa ni maswali, na yanahitaji dakika kumi tu za utulivu.

"Dada, kabla ya kuja kung'oa, ulikuwa unameza dawa gani ya maumivu?"

"Aspirini. Nilinunua duka la dawa pale kwetu. Mbili asubuhi, mbili mchana, mbili usiku, kama siku nne."

"Na hedhi yako huwa siku ngapi?"

"Nane, wakati mwingine tisa. Usiku natandika kitambaa kitandani. Lakini hiyo ni kawaida kwetu, mama pia yuko hivyo."

Majibu hayo mawili ni matatizo mawili tofauti, na yanapiga mahali pawili tofauti kwenye njia tuliyoipitia.

Aspirini ilifanya nini

Aspirini hukifunga kimeng'enya cha COX-1 moja kwa moja, bila kukiachia. Dawa yenyewe hutoka kwenye damu upesi sana, nusu yake ikitoweka ndani ya takriban dakika 20, lakini chembe sahani iliyokutana nayo imekwisha kupoteza uwezo wa kutengeneza thromboksani. Seli yenye kiini ingeunda kimeng'enya kipya. Chembe sahani haina kiini, kwa hiyo inabaki hivyo hadi inakufa. Uboho huleta chembe mpya kiasi cha sehemu moja ya kumi kila siku, na baada ya siku kadhaa zile mpya zinakuwa za kutosha kuamsha nyingine. Ndiyo maana kuacha aspirini asubuhi ya kung'oa jino hakusaidii kitu. Ibuprofeni nayo huzuia kimeng'enya hichohicho, ila huachia, na athari yake hupungua dawa inapotoka mwilini.

Hapa lazima niseme jambo moja kwa msisitizo. Mtu aliyeandikiwa aspirini ndogo ya kila siku kwa ajili ya moyo au kiharusi asiiache mwenyewe kwa sababu anakwenda kung'oa jino. Kwake yeye hatari ya mshipa kuziba ni kubwa kuliko hatari ya fizi kutoka damu, na fizi inaweza kubanwa na kushonwa. Amwambie daktari wa meno, basi.

Na hilo ndilo linalotufanya tusisimame kwenye aspirini kwa binti huyu. Kwa mtu mzima wa afya, aspirini peke yake kwa kawaida haiachi shimo la jino likivuja kwa saa 30. Inarefusha kutoka kwa damu, lakini kubana vizuri hukomesha. Aspirini inadhoofisha wito. Kama mshiko wa kwanza ni mzuri, ADP na kolajeni bado zinaweza kuamsha chembe za kutosha. Damu isipokoma, ni busara kuuliza kama mshiko wenyewe ulikuwa dhaifu tangu mwanzo.

Hedhi ya siku nane

Aina ya kutoka damu ina lugha yake. Hatua ya kwanza ikiwa mbovu, damu hutoka pale pale, na hutoka kwenye ngozi na kwenye tando laini: puani, kwenye fizi, kwenye hedhi, na kwa mavilio ya damu yanayotokea bila mtu kukumbuka alipojigonga. Chembe sahani zikiwa chache mno huonekana pia vidoa vidogo vyekundu miguuni ambavyo havifutiki vikibonyezwa. Hatua ya pili ikiwa mbovu, kama ilivyo kwa hemofilia, kizibo cha kwanza hukaa vizuri na damu inaonekana kukoma, halafu saa kadhaa baadaye inaanza upya. Na damu huingia ndani ya viungo kama goti na kiwiko. Binti wetu hakuwahi kuvimba goti. Tangu aliposhuka kwenye kiti cha daktari, damu haikukatika. Tangu utotoni, miezi ya Julai na Agosti, baridi na ukavu wa Nairobi ulimtoa damu puani. Wengi hutoka damu puani msimu huo na hawana ugonjwa wowote. Tofauti ni kwamba yake ilichukua zaidi ya dakika kumi na ilirudi mara nyingi.

Ukiweka pamoja hedhi nzito tangu mwanzo, pua, mama mwenye hali hiyohiyo, chembe sahani za kutosha na APTT nzuri, cha kwanza kufikiria ni upungufu wa faktari ya von Willebrand. Erik von Willebrand, daktari wa Ufini, aliuandika mwaka 1926 baada ya kuchunguza ukoo mmoja wa visiwa vya Åland. Fumbo lake lilikuwa kama letu: msichana mdogo aliyeletwa kwake alikuwa na chembe sahani za kutosha, ila mkato mdogo kwenye ngozi yake ulichukua muda mrefu mno kukoma. Msichana huyo alifariki akiwa na miaka 13, katika hedhi yake ya nne.

Jioni ile ya Alhamisi hakuna haja ya kungoja jina la ugonjwa. Donge legevu lililokaa juu ya shimo huondolewa, kwa kuwa linazuia shinikizo kufika panapovuja. Kisha fizi hushonwa, na mgonjwa hung'ata shashi iliyokunjwa kwa nguvu, dakika 20 hadi 30 bila kuchungulia. Asidi ya traneksamiki, ya kusukutua au ya vidonge kama daktari atakavyoona, inafaa sana hapa kwa sababu ya jambo ambalo ni la mdomo hasa: mate na tishu za kinywa zina vitu vinavyoyeyusha fibrini, na dawa hii huzuia uyeyushaji huo. Kizibo cha binti wetu ni dhaifu, angalau kisiyeyushwe. Aspirini inasimamishwa, na maumivu yanatulizwa kwa parasitamoli.

Kupima faktari yenyewe kusifanywe siku hiyo. Kiwango chake hupanda mtu akiwa na maumivu, hofu, maambukizi au mimba, na mgonjwa wa kiwango cha chini kidogo anaweza kuonekana mzima kabisa. Ni afadhali arudi baada ya wiki kadhaa, shimo limepona. Damu hiyo huchukuliwa kwenye chupa yenye sitreti, kemikali inayoizuia isigande, na isiwekwe kwenye jokofu ikisubiri, maana baridi kabla ya kuzungushwa hushusha faktari hii na kumpa mtu mzima ugonjwa asio nao. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ina kliniki ya hemofilia, na wagonjwa wa aina hii huhudumiwa na wataalamu haohao.

Tuseme majibu yake yamekuja hivi: wingi wa faktari 36, uwezo wake wa kushika chembe sahani 33, na faktari ya nane, protini ya ile hatua ya pili ya kuganda, 58, ambapo kiwango cha kawaida huanzia 50 hivi. Uwezo unalingana na wingi, uwiano wao ukiwa zaidi ya 0.9. Hiyo inatuambia molekuli alizo nazo ni nzuri, ila ni chache. Kama uwiano ungekuwa chini ya 0.7, tungeshuku molekuli zilizoharibika, na hiyo ni aina nyingine inayotibiwa tofauti. Kwa mtu mwenye historia ya kutoka damu, chini ya 50 inatosha kuuita ugonjwa wa von Willebrand wa aina ya kwanza. Chini ya 30 huitwa hivyo hata bila historia. Kundi lake la damu ni O, na watu wa kundi hilo kwa wastani wana faktari pungufu kwa karibu robo kuliko wengine. Hiyo imechangia, lakini haifuti ugonjwa. Na ile APTT? Faktari ya von Willebrand huibeba faktari ya nane na kuilinda isiharibike. Kwake imebaki 58, inatosha kwa kipimo hicho kutoka sawa.

Usiku wa Jumatano, basi, yalikutana mambo mawili. Chembe chache tu ndizo zilizofanikiwa kushika ukuta, na hizo chache ziliita kwa sauti iliyonyamazishwa na vidonge sita kwa siku.

Siku zijazo ana njia kadhaa. Seli za ndani ya mishipa huwa na akiba ya faktari hii kwenye vijifuko, na dawa ya desmopresini huzifanya ziimwage. Kiwango kinaweza kupanda mara mbili au zaidi ndani ya saa moja. Hujaribiwa kwanza siku ya kawaida ili kuona kama kwake inafanya kazi, na anayepewa hupunguziwa maji ya kunywa kwa siku nzima, kwani dawa huzuia mkojo na chumvi ya damu inaweza kushuka vibaya. Kwa hedhi kuna asidi ya traneksamiki siku zile nzito, na kuna njia za homoni. Madini ya chuma aanze leo.

Aina hii hurithiwa bila kujali jinsia, na mzazi mmoja mwenye nayo anaweza kumpa kila mtoto kwa nafasi ya moja kwa mbili. Mama yake apimwe. Ana pia mdogo wake wa kiume mwenye miaka 12, ambaye hajawahi kukatwa popote, kwa hiyo kutovuja kwake hadi sasa hakuthibitishi chochote. Familia imepanga atahiriwe Desemba shule zikifungwa. Kipimo chake kichukuliwe kabla ya hapo, akiwa hana homa wala mafua.